Barua kwa Baba Rehema: degedege la homa ni nini, na likirudi mfanyeje

Baba Rehema,

Salamu. Nianze na lile lililokunyima usingizi huko Tunduma: Rehema anaendelea vizuri. Asubuhi hii amekunywa uji, amemtupia muuguzi kikombe, na mwili umepoa. Mchana ataruhusiwa kurudi nyumbani na mama yake.

Jana usiku kwenye simu uliniuliza mambo matatu kwa mkupuo: kama hiki ni kifafa, kama ubongo wake umeharibika, na kama ni kweli kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Laini ikakatika kabla sijamaliza kujibu hata la kwanza. Nimeona nikuandikie, uyasome ukiwa umetulia foleni ya mpakani, na ukifika Muheza umsomee Bibi pia, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mtoto.

Kilichompata Rehema ni degedege la homa. Degedege lenyewe umeshalisikia tangu utotoni: mtoto anapoteza fahamu, macho yanapinduka, mwili unakakamaa, kisha mikono na miguu inatupwatupwa, pengine na povu mdomoni. Tunasema ni degedege la homa likimpata mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, akiwa na homa, na homa hiyo haitokani na ugonjwa ulioingia ndani ya ubongo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mazito, na nitayarudia. Si jambo la nadra. Katika watoto 100, wawili hadi watano hulipata walau mara moja, na wengi hulipata wakiwa na umri kama wa Rehema, mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kutoka chembe moja hadi nyingine kwa utaratibu. Kwa mtoto mdogo utaratibu huo bado haujakomaa, na homa inaweza kuuvuruga. Umeshaona umeme wa nyumbani unavyoyumba: taa zote zinacheza kwa pamoja, zinang'aa, zinafifia, halafu umeme unatulia na taa zinawaka kama kawaida, hakuna hata moja iliyoungua. Degedege fupi la homa liko hivyo. Kwa dakika moja au mbili chembe nyingi za ubongo zinawaka pamoja bila mpangilio, mwili unafuata, kisha zinatulia zenyewe. Mtoto akishafika miaka 5 au 6 ubongo unakuwa umekomaa vya kutosha, na homa ileile haimfanyi hivyo tena.

Najua Bibi anasema degedege la jana lilichukua nusu saa. Simlaumu, kila mzazi niliyewahi kumuuliza huona hivyo. Lakini nilimwomba Mama Rehema simu yake, tukaangalia pamoja. Alimpigia jirani yenu wa bodaboda saa 1:52 usiku, mara tu mtoto alipokakamaa. Jirani alipiga saa 1:56 akiwa mlangoni, na mama anakumbuka kwamba wakati simu inaita, Rehema alikuwa ameshalegea na anakoroma kwa usingizi. Kwa hiyo halikufika dakika 4. Kwangu mimi hesabu hiyo ilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu degedege la dakika 4 lililotikisa mwili mzima na halikurudi usiku ule ni habari tofauti kabisa na la nusu saa.

Tunaliita la kawaida likitimiza mambo matatu: limetikisa mwili wote, halikufika dakika 15, na halikurudia ndani ya saa 24. Likishika mkono mmoja tu au upande mmoja wa mwili, au likivuka dakika 15, au likarudi siku hiyohiyo, tunalichunguza kwa bidii zaidi. La Rehema ni la kawaida.

Sasa nikueleze kwa nini tulimtoboa kidole, tukamchunguza shingo, na kumlaza usiku mzima ingawa alifika hapa amelala tu. Kama nilivyosema, jina la degedege la homa linafaa pale tu tunapojua kwamba ugonjwa haupo ndani ya ubongo. Huku kwetu Tanga, mtoto mwenye homa na degedege anaweza kuwa na malaria kali iliyofika kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Dakika za mwanzo mtoto wa aina hizo tatu anaonekana vilevile. Mama hawezi kuwatofautisha kwa macho, na mimi pia siwezi mpaka nimpime.

Kipimo cha haraka cha malaria kilitoka hakuna. Sukari ya damu ilikuwa 5.6, nzuri tu. Tulipima kwa sababu sukari ikishuka sana nayo huleta degedege, na malaria kali hupenda kuishusha. Shingo ilikunjika bila shida na utosi haukuvimba. Kilichonituliza zaidi ni kwamba saa moja kasorobo hivi baada ya degedege aliamka, akamtambua mama yake, akataka kunyonya. Mtoto mwenye malaria ya kichwani haamki hivyo. Kisha nikaangalia masikio. La kulia, ngoma yake ilikuwa nyekundu imetuna, na mama akakumbuka kwamba tangu mchana alikuwa analivutavuta. Homa ilitoka hapo. Ndiyo maana anatumia amoksilini kwa siku 5, na zote zinywewe hata kama kesho anacheza.

Kuhusu sindano. Imani hiyo naijua, nimeikuta kote kwenye pwani hii, na nadhani najua ilikotoka. Zamani, na hata leo kwa baadhi ya familia, mtoto mwenye degedege alipelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa, akachanjwa, akavishwa hirizi. Mwenye degedege la kawaida alipona, kwa sababu lingekwisha lenyewe hata angeachwa, na sifa zikamwendea mganga. Mwenye malaria kali alizidi kuzama siku mbili tatu, akaletwa hospitali wakati hali imeshaharibika, akachomwa sindano, akafariki. Watu wakaona sindano na kifo vikifuatana. Zile siku tatu hazikuhesabiwa.

Ukweli uko upande wa pili. Mtoto mwenye malaria kali mara nyingi hawezi kumeza dawa, kwa hiyo ni sindano ndiyo itakayomwokoa. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, na hospitali ya Teule hapahapa Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Zaidi ya watoto 5,400 wenye malaria kali waligawanywa, wengine wakapewa sindano za kwinini na wengine za atesuneti. Waliopata atesuneti walikufa wachache zaidi, karibu robo pungufu ya wale wa kwinini, na kati ya waliohesabiwa wamo watoto wengi walioletwa wakiwa na degedege. Atesuneti ndiyo sindano tunayochoma sasa. Nakuomba Baba Rehema, kama kuna neno moja utakalomwambia Bibi kwa sauti ya mtoto wake wa kumzaa, liwe hili. Usiku ule alimzuia mkwewe mlangoni akisema wasubiri asubuhi kwa sababu hospitali watachoma. Mama Rehema alitoka hata hivyo, na alifanya sawa.

Na yeye usimlaumu. Uliniuliza, kwa uchungu naelewa, ilikuwaje homa ikapanda mpaka degedege bila mama kuona. Degedege la homa mara nyingi huja siku ya kwanza ya homa, na kwa watoto wengi ndilo linalowaambia wazazi kwamba homa ipo. Rehema alicheza hadi jioni. Hakuna aliyezembea.

Je, ni kifafa? Hapana. Kifafa ni degedege linalorudi lenyewe bila homa. Watoto waliopata degedege la homa la kawaida, mmoja au wawili katika 100 huja kupata kifafa baadaye. Kwa watoto ambao hawajawahi kulipata ni karibu mmoja au pungufu. Tofauti ipo lakini ni ndogo sana, na sababu yake kubwa ni kwamba wachache wamezaliwa na ubongo wenye tabia hiyo, siyo kwamba degedege limewapa kifafa. Vilevile halipunguzi akili. Watoto wa aina hii wamefuatiliwa kwa miaka hadi shuleni, na wanasoma sawa na wenzao. Kwa sababu hiyo sikumwandikia dawa za kifafa za kunywa kila siku. Ukisikia jirani anakushauri ununue fenobabitali uweke ndani, usinunue. Itamfanya mtoto asinzie na kuwa mkorofi, kumkinga na jambo ambalo lenyewe halimdhuru.

Linaweza kurudi, na hili ni lazima ulijue mapema ili likija lisiwakute mmeduwaa. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu hulipata tena katika homa nyingine. Uwezekano huongezeka kama la kwanza lilimpata kabla ya mwaka mmoja, au kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliwahi kulipata. Mama Rehema ameniambia kwamba wewe mwenyewe uliwahi kushikwa ulipokuwa mdogo. Basi weka akilini kwamba kwenu linaweza kurudi, na tufanye mpango.

Likianza, wa kwanza kuona aangalie saa ya simu. Najua inasikika kama jambo la ajabu, mtoto anatetemeka nawe unaangalia saa, lakini uamuzi wote unaofuata unategemea dakika. Papo hapo mtu wa pili ampigie bodaboda, asingoje kuona litakwishaje.

Mtoto alazwe chini, kwenye mkeka au godoro, mbali na jiko, ndoo na kona ya kitanda. Ageuzwe ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, ili mate, povu au matapishi yatoke nje yasiingie kwenye mapafu. Vifungo vya shingoni vifunguliwe. Kama amefunikwa blanketi, liondolewe. Kisha mkono mmoja ukae begani mwake ili asirudi chali, na mbaki hivyo mkimtazama. Msimbane mikono wala miguu kwa nguvu, kwa sababu hakuna anayeweza kulizuia degedege kwa kushikilia, na mnaweza kumtegua.

Kinywani kisiingie kitu. Jana Bibi alimtia kijiko akihofia atameza ulimi. Ulimi haumezeki, Baba Rehema, umeshikamana chini ya kinywa. Mtoto anaweza kuung'ata, nao hupona. Kijiko, kwa upande wake, kilichana mdomo wa juu kwa ndani na jino moja la mbele sasa linacheza. Kidole cha mtu mzima kingeweza kung'atwa vibaya. Asipewe pia maji, dawa, mafuta wala chochote cha kunywa mpaka awe macho kabisa na anameza mwenyewe, la sivyo kitaingia njia ya hewa. Moshi wa kufukiza, mafuta ya taa na kumwagiwa maji ya baridi vyote viachwe. Moshi na mafuta ya taa vinaumiza mapafu ya mtoto asiyeweza kukohoa vizuri, na maji ya baridi yanamfanya atetemeke zaidi bila kulizima degedege.

Madegedege mengi hukoma yenyewe kabla ya dakika 5. Likikoma, mtoto atalegea na kulala. Mwacheni kwa ubavu, mhakikishe anapumua vizuri, kisha mwende kituo cha afya usiku uleule. Msiseme limekwisha tulale. Safari ijayo homa inaweza kuwa ya malaria, na nimeshakueleza kwamba huwezi kuijua kwa macho.

Likifika dakika 5 bado linaendelea, ondokeni akiwa hivyohivyo. Degedege lililovuka dakika 5 mara nyingi halitakoma haraka bila dawa, na kadiri linavyorefuka ndivyo linavyokuwa gumu kuzimika. Dawa yake ni diazepamu. Kwa mtoto mdogo huwekwa kwa bomba dogo lisilo na sindano kupitia njia ya haja kubwa, na kwa uzito wa Rehema wa kilo 10 ni miligramu 5. Muuguzi akifanya hivyo msishtuke, ndiyo njia ya haraka kuliko kutafuta mshipa kwenye mkono unaotetemeka. Msipite kituo cha afya kilicho jirani mkikimbilia hospitali kubwa. Degedege lizimwe kwanza, rufaa ifuate.

Juu ya pikipiki, mama akae nyuma amempakata mtoto ubavu, uso ukiwa wazi na kidevu hakijainamia kifuani. Jana alikuwa amefungwa kwenye kanga mbili na kichwa kimefunikwa asipigwe na upepo. Upepo haungemdhuru. Kanga puani ndiyo ilinitia wasiwasi.

Yapo mengine ambayo hata baada ya dakika moja tu ya degedege yanataka mwende mbio: limerudi mara ya pili ndani ya siku hiyo, limeshika upande mmoja, mtoto haamki vizuri baada ya nusu saa, shingo imekakamaa, utosi umevimba, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida, au ana vidoa vyekundu vya damu kwenye ngozi visivyofifia ukivibonyeza. Mtakapofika mwambieni mpokeaji neno degedege mlangoni. Msikae kwenye benchi la foleni.

Uliniambia utanunua chupa tatu za parasetamoli ili homa isipande tena. Moja inatosha, na ujue kazi yake. Inampunguzia mtoto maumivu na kumfanya anywe na kulala, na kwa hilo naipenda. Lakini haizuii degedege, hata ikinywewa kwa saa, na wazazi wengi hubeba lawama bure wakidhani walichelewa kutoa dozi. Chupa ya dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5 ndiyo iliyo nyingi madukani. Soma lebo uhakikishe, kwa sababu zipo zenye nguvu zaidi. Ya aina hiyo, Rehema atapewa mililita 5 kwa kipimo chake, siyo kijiko cha chai cha nyumbani, na asipewe tena kabla ya saa 6 kupita, wala kuzidi mara 4 kwa siku. Ukiona kuna aspirini ndani, mtoto asipewe. Mvisheni nguo nyepesi, anyonye na kunywa maji, basi.

Limebaki moja. Mwezi ujao anatimiza miezi 18, na kadi yake inaonyesha chanjo ya pili ya surua na rubela. Mama Rehema aliniuliza kama sasa aiache, kwa sababu ameambiwa huleta homa. Ni kweli baadhi ya watoto hupata homa, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya kuchanjwa, na mara chache homa hiyo inaweza kuleta degedege kama la jana. Surua yenyewe huleta homa kali zaidi, inaweza kushambulia mapafu na ubongo, na huua. Apelekwe achanjwe. Wiki ile ya pili baada ya chanjo alale karibu na mtu mzima, na namba ya bodaboda iwe kwenye simu ya Bibi pia, siyo ya mama peke yake.

Nitamwona tena siku ya tano kuangalia sikio. Kama utakuwa umerudi, njoo naye, na Bibi pia kama magoti yanamruhusu. Nitawaonyesha kwa mwanasesere jinsi ya kumgeuza ubavu, kila mmoja afanye mwenyewe mbele yangu.

Wako,
Daktari wa watoto, Muheza